Awamu ya Mwezi wa Tatu

Frigo ya Mama Hélène ilizimika siku ya Jumatatu, na haikuzimika kwa ugonjwa. Plaki za jua zilikuwa juu ya bati, safi, zimepanguswa asubuhi ile ile. Betri ilikuwa imejaa. Ila kwenye kile kioo kidogo cha mbele, mahali pa kuonyesha kiasi cha baridi, palikuwa na alama nyekundu ya kufuli. Kampuni iliyomkopesha ndiyo iliyoifunga, toka huko huko biro, ofisini kwao, bila hata mtu kuja kubisha hodi. Na ndani mlikuwa na mikebuka na sangala walioagizwa na gesti mbili, samaki aliowachukua kwa wavuvi kwa ahadi ya kulipa mwisho wa juma.

Sasa jamani, mtu amelipa awamu sita, zote sita, ya mwisho ameitoa juma lililopita, anangojea kupewa cheti cha kuonyesha kwamba frigo ni yake, halafu anapewa kufuli! Hélène alifunika samaki kwa magunia yenye maji, akamwambia jirani yake Mama Sylvie amwangalizie mlango, akapanda pikipiki hadi biro ya kampuni hiyo, Baridi Njema, karibu na gare ya treni. Njia nzima alikuwa akiyapanga matusi ya kumtolea mtu wa kwanza atakayemkuta mezani.

Mtu wa kwanza alikuwa Laurette, binti mmoja mpole mwenye sauti ya chini, na matusi yale yakakosa pa kutua.

"Mama, keti kwanza," alisema Laurette. "Ninakutolea karatasi ya malipo yako, tuiangalie pamoja mstari kwa mstari."

"Itoe. Mimi ninajua kusoma."

Na alijua kweli. Hélène alimaliza sekondari, akauza samaki kwa kupenda mwenyewe, kwa sababu aliona mishahara ya waliokwenda kufundisha ikija leo na kukosekana kesho. Miaka yote hiyo alikuwa akikausha samaki kwa moshi hadi macho yakawa mekundu daima. Frigo ndiyo iliyomtoa kwenye moshi. Bei yake dola mia sita: mia na ishirini alizitoa siku ya kuichukua, na zilizobaki zikagawanywa awamu sita za dola themanini, kila tarehe kumi na tano. Bila riba hata senti. Hilo ndilo lililompendeza, na hilo ndilo lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya mkataba.

Chini yake kulikuwa na maneno mengine, na hayo pia alikuwa ameyasoma, wala asimdanganye mtu kwamba hakuyasoma. Kwamba baada ya tarehe kumi na tano kuna siku tatu za kuvumiliwa. Kwamba zikipita na awamu haijatimia, inaingia faini ya dola nane. Na kwamba awamu moja tu ikichelewa namna hiyo, ule muda usio na riba unafutwa wote, na riba ya nne kwa mia kila mwezi inahesabiwa tangu siku ya kwanza juu ya deni lililokuwa limebaki. Aliyasoma, akacheka, akatia saini. Yeye na kuchelewa wapi na wapi? Kila mwezi alikuwa akilipa tarehe kumi na nne.

Karatasi ikatoka. Hélène akaweka kidole. Mwezi wa pili: pesa imeingia tarehe kumi na nne. Vizuri. Mwezi wa tatu: pesa imeingia tarehe ishirini.

"Hii si kweli," alisema.

"Mama, mashine inaandika siku pesa inapofika kwetu."

"Ninakuambia si kweli! Mwezi wa tatu nilitoa kumi na nne kama kawaida."

Laurette hakubishana. Alisogeza kidole chake kwenye mstari uliofuata. "Angalia kilichotokea baada ya hapo. Tarehe kumi na tisa mashine ilikupiga faini, dola nane. Tarehe ishirini themanini zako zikaingia. Mashine inakata faini kwanza, halafu ndiyo inalipa awamu. Kwa hiyo awamu ya mwezi wa tatu ilipata sabini na mbili tu, ikabaki na upungufu wa nane."

"Na mwezi wa ine?"

"Mwezi wa ine ulileta themanini kwa wakati. Lakini nane zilikwenda kuziba upungufu wa mwezi wa tatu, kwa hiyo mwezi wa ine nao ukapungukiwa. Ikaja faini nyingine. Mwezi wa tano ikakatwa hiyo faini, ukazibwa upungufu, na tundu likawa kubwa zaidi. Hivyo hivyo hadi awamu ya mwisho. Faini tano, Mama. Dola arobaini."

Hélène aliifuata mistari ile yote kwa kidole, mara mbili, akijumlisha midomo ikicheza. Alitaka sana kukuta kosa. Hakulikuta. Themanini zake zilikuwepo kila mwezi, zimeandikwa vizuri kabisa, na kila mwezi faini ilizimega kwanza. Na mwisho wa ukurasa ikaja riba, dola sabini, kwa kuwa ule muda wa bure ulikwisha kufa tangu mwezi wa tatu. Jumla mia na kumi. Ijumaa saa nne, zisipolipwa, frigo inarudi kwa wenyewe.

"Miezi mitano!" alisema Hélène. "Miezi mitano munanikata tu, hakuna hata mumoja wa kuniambia?"

"Tulituma ujumbe kila mara, Mama. Kwa namba uliyoiandika kwenye mkataba."

"Namba gani?"

Laurette akaisoma. Hakufika mwisho, Hélène alikuwa ameshaitambua. Ilikuwa namba ya kaka yake mkubwa, Barthélemy.

Ngoja nieleze, msije mkamwona Hélène mjinga. Barthélemy ndiye aliyemdhamini kwenye mkataba. Ndiye yaya, yaani kaka, mkubwa wa nyumba, shemasi kanisani, na ndiye mwenye kabini ya kutuma pesa pale soko la Kataki, ajenti aliyesajiliwa na kampuni hiyo hiyo kupokea malipo ya wateja. Sasa ungeandika namba ya nani? Na kila mwezi Hélène alikuwa akimpelekea themanini mkononi, anaambiwa "imepita, dada," anarudi kwenye samaki wake. Risiti hakuiomba hata siku moja. Nani anamwomba yaya wake risiti?

Na mwezi wa tatu, mwezi huo huo, mama yao alikufa. Alikufa tarehe kumi na tatu. Kesho yake Hélène alikuwa chini kwenye mkeka, nyumbani kwake mlimowekwa maiti, kichwa kimefungwa kitambaa, wanawake wamemzunguka. Kwao mfiwa hatoki, hauzi, na kuonekana anahesabu pesa mbele ya maiti ya mama yake ni aibu ya kusimuliwa miaka. Lakini awamu aliikumbuka hata katika machozi yale. Barthélemy alipoinama kumpa pole, alimpitishia zile noti chini ya kitenge, zimekunjwa, akamnong'oneza, "Ya frigo." Naye akaitikia kwa kichwa.

"Binti yangu," Hélène alimwambia Laurette, "kama pesa niliipa ajenti wenu tarehe kumi na nne, na yeye akaikalia?"

Laurette aliufungua mkataba. "Ukimpa ajenti wetu, ni kama umeweka hapa mezani. Mkataba unasema hivyo. Tarehe yako inakuwa ile aliyoipokea yeye. Ninafuta faini ya kwanza, na hizo zingine zinafutika kwa sababu zote zimezaliwa na hiyo. Na riba inaondoka, maana hakuna awamu iliyochelewa. Unakuwa umemaliza deni, Mama. Ninakupa cheti siku hiyo hiyo."

"Unataka nini?"

"Risiti ya siku ile. Kama huna, ajenti mwenyewe aje asaini mbele yangu kwamba alipokea kumi na nne." Akaongeza, "Nisikufiche. Ajenti aliyekalia pesa ya mteja anavuliwa kazi."

Hélène alikwenda Kataki kwa miguu. Hakutaka kufika upesi. Alikuwa anajua jibu, na bado alikuwa anatafuta jibu lingine: labda mtandao ulikatika, labda simu yake iliibiwa kwenye kilio, labda, labda. Alimkuta Barthélemy kwenye kabini yake, shati jeupe, miwani juu ya paji la uso, anamrudishia mama mmoja chenji huku akimuuliza hali ya wajukuu. Hélène alingoja yule mama aondoke, akaiweka karatasi juu ya meza ndogo.

"Yaya, soma mwezi wa tatu."

Hakuisoma. Aliiangalia tu jinsi ilivyokunjwa, akashusha miwani, akaipandisha tena. Hapo Hélène alijua, akakaa juu ya kreti ya soda bila kukaribishwa.

"Ulizipeleka wapi pesa zangu?"

"Hélène, si hapa. Watu wanasikia."

"Ulizipeleka wapi?"

Barthélemy aliangalia kulia, akaangalia kushoto. "Sanduku," alisema.

Wee! Lile sanduku! Mji mzima wa Kalemie ulilisema lile sanduku. Sanduku alilozikwa Mama lilikuwa la mbao nyekundu zilizopakwa rangi ya kung'aa, mishiko ya rangi ya dhahabu, na kidirisha cha kioo mahali pa uso, ili watu wamwone hadi dakika ya mwisho. Seremala alitaka pesa zote mkononi ndipo alitoe. Siku ya mazishi pasta alisimama akasema mtoto wa namna hii kila mzazi angemtamani. Na Hélène mwenyewe, Hélène huyu huyu, aliinuka kwenye mkeka mbele ya watu wote, akamshika yaya wake mikono yote miwili, akamshukuru kwa kilio.

"Nilipungukiwa themanini tu," alisema Barthélemy. "Ungependa Mama azikwe ndani ya mbao za kupakilia sabuni? Nilisema nitarudisha kesho yake. Michango ya kanisa ikachelewa. Ilipoingia tu, tarehe ishirini, nikakulipia. Sikula pesa yako, Hélène. Mbele ya Mungu, sikuila."

"Michango. Kwa hiyo ulirudisha kwa michango ya watu."

"Eh... ndiyo."

"Na yako wewe iliyotoka mfukoni ni ngapi?"

Barthélemy alifunga droo ya kabini, akaifungua, akaifunga.

"Na ujumbe wa kampuni? Ulikuwa unausoma kila mwezi, unaniambia imepita?"

"Ilikuwa inapita! Pesa ilikuwa inapita. Ni vile vidola nane... nilisema nitaviziba mimi. Kila mwezi nilisema mwezi huu njo nitaviziba. Halafu vikawa vingi." Akainama karibu, akashusha sauti kama alivyofanya siku ile juu ya mkeka. "Dada, wewe niambie. Kama ningekuomba siku ile, kwa sanduku ya Mama, ungenikatalia?"

"Ningekupa," alisema Hélène, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Ningekupa zote, ningemwambia mwenye frigo anipige faini yake, ningejua niko ninalipa nini. Mama alikuwa wangu pia. Lakini hukuniomba, yaya. Ulitaka sanduku liwe lako peke yako."

Mteja mmoja alikuja, akawaangalia, akapitiliza kwenye kabini ya mbele.

"Alhamisi," alisema Hélène akijifuta uso. "Utakuja biro utasaini kwamba ulizipokea kumi na nne. Sitamwambia mtu habari ya sanduku. Kanisani sitasema, nyumbani sitasema. Saini tu."

"Watanivua kabini."

"Na mimi watanichukulia frigo niliyoimaliza kulipa."

Barthélemy alivuta pumzi, akasema atakuja. Alimshika hata bega. Na Hélène, kwa kuwa ni yaya wake, akamwamini. Alirudi nyumbani akatoa samaki mmoja mmoja. Wale waliokuwa bado wagumu aliwauza kwa bei ya kutupa. Wale waliolegea aliwarudisha kwenye moshi, akaketi mbele ya moto macho yakimwasha, akijiambia Alhamisi si mbali.

Alhamisi Barthélemy alikuja kweli. Alikuja na suti yake ya shemasi, akamsalimia Laurette kwa kumwinamia, akaketi, akaweka kofia juu ya goti. Laurette alitoa fomu, akaisoma kwa sauti ya kawaida: kwamba ajenti anathibitisha kuwa mteja Hélène alimkabidhi awamu ya mwezi wa tatu, na tarehe aliyoipokea ni...

"Tarehe ngapi, Papa Barthélemy?"

Hélène alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Alisikia feni, alisikia pikipiki barabarani.

"Ishirini," alisema Barthélemy.

"Yaya!"

"Tulikuwa kwenye matanga," Barthélemy alimwambia Laurette, hamtazami dada yake. "Dada alikuwa amechanganyikiwa sana na kifo cha Mama. Nadhani alikusudia kunipa kumi na nne, akasahau. Alinipa ishirini, na nililipa saa ile ile. Mashine yenu si inaonyesha?"

Laurette aliweka kalamu chini. Uso wake ulionyesha wazi ni nani anamwamini, lakini uso hauingizwi kwenye mashine. Alimuuliza Hélène kama kuna mtu aliyeona akitoa pesa. Nani angeona? Alizipitisha chini ya kitenge, alizificha makusudi, ili asiuaibishe msiba wa mama yake. Alimuuliza kama ana chochote kilichoandikwa siku ile. Hana. Basi tarehe ikabaki ishirini, na pamoja nayo faini zote tano na riba yote, kila kitu kimehesabiwa sawasawa.

"Naweza kuomba wakubwa wakuongeze juma moja," alisema Laurette. Aliomba. Jioni walijibu hapana.

Hélène alijaribu. Asidhaniwe alikaa akingoja. Chama chake cha akina mama cha kuchangiana kilikuwa kimeshampa zamu yake mapema mwaka, ndiyo iliyotoa ile mia na ishirini ya kwanza. Wenye gesti walimdai samaki wao. Wavuvi walimdai pesa yao. Usiku alikuwa na dola thelathini na moja, na harufu ya samaki walioharibika ambayo sabuni haikuitoa.

Ijumaa, saa nne kamili, kamioneti ya kampuni ilisimama mbele ya nyumba. Vijana watatu walishuka. Mmoja alipanda juu ya bati akafungua plaki, wawili wakaingia ndani. Majirani wakatoka kama ilivyo kawaida, wengine na watoto mgongoni, wengine wanatafuna muhogo. Frigo ilikuwa nzito, ya watu wanne, na wale walikuwa wawili na dereva. Hapo ndipo Barthélemy alipotokea, ametoka Kataki mbio mbio, anavua koti.

"Ngojeni, ngojeni, musiikwaruze!" alisema. Akashika pembe moja. "Wewe shika huku. Inueni polepole. Polepole! Kichwa kitangulie."

Maneno yale yale. Hélène aliyakumbuka neno kwa neno, na sauti ile ile, mlangoni pale pale, mwezi wa tatu. Waliivusha kizingiti kama lilivyovushwa sanduku la Mama, mmoja akirudi nyuma, wengine wakisukuma, watu wakiwapisha njia. Mama Sylvie alimzungushia Hélène mkono kiunoni.

"Pole, mama. Pole sana. Vitu vinapotea," alisema. "Lakini Mungu amekupa ndugu, tazama. Amemzika mama yenu kama malkia, na leo ameacha kazi yake aje kukubebea. Wengine wetu hatuna mtu wa hivyo."

Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia. Eh, kweli. Kweli kabisa. Barthélemy aliwasikia, maana aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea pole kwa adabu. Hakukana. Hata pale, na pembe ya frigo mikononi, hakukana.

Hélène aliutoa mkono wa Mama Sylvie. Aliteremka ngazi, akasimama kati ya frigo na kamioneti, wale vijana wakalazimika kusimama na mzigo.

"Yaya," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, "waambie watu sanduku ya Mama ililipwa na nini."

"Hélène, tafadhali. Ni nzito."

"Waambie."

Barthélemy aliishika vizuri ile pembe. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kola ya shati jeupe, na mikono yake yote miwili imeshikwa na mzigo, hawezi hata kujifuta. Aliwaangalia majirani, akawaangalia wale vijana, akaangalia chini.

Hélène akaweka kiganja juu ya mfuniko wa frigo. Bado ulikuwa na ubaridi kidogo, au alidhani hivyo.

"Ni hii," aliwaambia. "Ile sanduku muliyoisifu wote, na mimi nikaisifu, ni hii. Mimi njo niliyemuzika Mama."

Mama Sylvie alishika mdomo. Mmoja wa wale vijana akasema samahani Mama, mikono imechoka, na Hélène akawapisha. Waliipandisha, wakaifunga kwa kamba. Barthélemy alibaki amesimama pale barabarani, mikono mitupu, na koti lake lilikuwa bado juu ya ngazi ya dada yake, mahali alipoliacha.

Hélène aliingia ndani akapuliza moto. Samaki juu ya moshi walikuwa bado wengi.